Odi iliyopandishwa, dau la mwisho 200: nimeshinda na bado nina hasira

Nilishinda, ndiyo. Lakini mkipita na hiyo programu ya kubeti iliyojaa mabango kuanzia Mwembe Tayari mpaka Kongowea, someni haya kwanza. Jina silitaji, wenyewe wanajijua.

Juzijuzi walitoa ofa ya Bandari ikicheza nyumbani Mbaraki. Odi ya kushinda 2.10 imepigwa mstari, pembeni yake 2.60 kwa rangi ya kijani inayowakawaka. Chini kabisa, kwa maandishi ya mchwa: dau la juu la ofa ni shilingi 200. Kikomo hicho nilikiona. Nikaandika 2,000 makusudi, nikitarajia programu iniambie nipunguze. Haikusema kitu. Ikapokea mkeka papo hapo, na juu yake bado imeandikwa 2.60.

Nilichokimbilia kuangalia ni ushindi unaotarajiwa. 4,300. Gawanyeni wenyewe kwa 2,000, mtapata 2.15. Walichukua 200 kwa 2.60, nazo 1,800 zilizobaki wakazisukuma kwa 2.10 ya kawaida bila kuniuliza. Kama mkeka ungekuwa wa 2.60 kweli, ungesoma 5,200.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Dada akanisikiliza kwa pumzi moja tu, akaniambia mkeka ukishapokelewa haufutwi, nisome masharti. Sawa. Nikapiga tena baada ya mechi, Bandari wameshinda, nikitaka anieleze tu kwa nini mkeka hauonyeshi mgawanyo. Akacheka. "Kwani si umeshinda, bwana? Sasa unalia nini?" Kisha akakata. Amenikatia simu mimi, mteja!

Ninacholilia ni hiki, dada. Siku ile sare ilikuwa 3.30 na wageni 3.60. Gawa 1 kwa kila odi, ukianza na ile 2.10 ya kawaida: 0.476, 0.303 na 0.278. Jumla ni 1.057, na hiyo iliyozidi 1 ndiyo faida ya kampuni. Ukigawa 0.476 kwa 1.057 unapata uwezekano halisi wa Bandari kushinda, kama 0.45, yaani odi ya haki ni 2.22 hivi. Chochote chini ya hapo unailisha kampuni, hata ukishinda siku hiyo.

Kwa hiyo zile 200 za ofa zilikuwa na thamani. 520 mara 0.45 ni 234, toa dau lako, inabaki 34. Ofa nzima, pamoja na mabango na kijani chote kile, ni shilingi 34 kwa wastani, wala si ile mia ya ziada wanayokuonyesha. Na zile 1,800? 3,780 mara 0.45 ni 1,701. Unapoteza karibu mia. Jumlisha pande mbili, mkeka wangu wote ulikuwa hasara ya kama shilingi 65 kabla mpira haujaanza. Kikomo cha dau ndicho chambo chenyewe: kijani kinakuvuta, kisha unamwaga pesa pale ambapo ofa haipo.

Hapo serikali bado. Tangu Sheria ya Fedha ya 2025, asilimia 5 inakatwa ukiweka pesa kwenye akaunti ya kubeti na 5 nyingine ukitoa. Ili 200 ziingie lazima utume kama 210.50, na 520 ukizitoa zinabaki 494. Ile 34 imekuwa 12. Shilingi kumi na mbili! Feri ya Likoni ningevuka bure kwa miguu nikafurahi zaidi. Ukiwa na pesa zilizokwisha lala kwenye akaunti, na huna haraka ya kuzitoa, makato hayo hayakubani kwa kila mkeka.

Nilitaka kuwapa nyota sifuri. Lakini nikitulia, ofa yenyewe kwa 200 haina ubaya. Kampuni nyingi hazikupi hata hiyo 12. Tena ile 2.10 iliyopigwa mstari niliilinganisha na kampuni nyingine mbili, nikakuta zinakaribiana. Hapo hawakudanganya, na ni jambo la kuangalia kila mara, maana odi ya zamani ikishushwa kwanza ndipo "ipandishwe", hesabu yote hii inaharibika.

Basi nyota mbili. La, moja, nimekikumbuka kile kicheko. Weka 200, hakikisha ushindi unaotarajiwa unasoma 520 kamili, ufunge programu. Ukikuta umeandika zaidi na ushindi gawa kwa dau hautoi 2.60, usibonyeze kitu. Na ukipiga simu ukapokewa na dada mwenye kicheko, mwambie yule wa Bandari bado anasubiri jibu.