LM393 kwenye betri ya sola: miezi 6 ya kuitumia

Nilinunua chipu ya LM393 ili inilindie betri ya volti 12. Ndani ina vilinganishi viwili, yaani saketi zinazolinganisha volti mbili: kimoja nilikipa kazi ya kuangalia betri isishuke chini ya 11.5, cha pili isipande zaidi ya 14.4.

Siku ya kwanza nilidhani nimeuziwa mbovu. Betri ilikuwa nzima, multimita kwenye pini ya 1 ikasoma volti chache zinazoyumbayumba, na nikiigusa waya kwa kidole zinabadilika. Kumbe haikuwa mbovu. Pini hiyo ni kolekta wazi: ndani kuna transista inayoweza kuivuta waya chini hadi graundi, au kuiachia. Kuipandisha haiwezi. Wa kuipandisha ni rezista unayoifunga wewe kutoka kwenye waya hadi volti 5.

Ndipo nilipoipenda. Niliunganisha pini ya 1 na ya 7 kwenye waya mmoja, rezista moja, mpaka kwenye mikrokontrola. Waya uko juu pale tu vilinganishi vyote viwili vimeuachia. Kimoja kikivuta, unashuka. Hiyo ni AND bila kununua geti ya mantiki. Usijaribu hivyo na geti za kawaida, kwani moja ikisukuma juu na nyingine ikivuta chini zinapigana na zinaweza kuungua. Tena LM393 yenyewe inakula volti 12, ila waya hauvuki 5.

Thamani ya rezista niliikokotoa hivi. Datashiti inaahidi kwamba pini ikimeza miliampia 4, volti zake hazizidi 0.4. Kwa hiyo thamani ndogo kabisa ni:

```
R = (5 - 0.4) / 0.004 = 1150 Ω
```

Kwa thamani kubwa kabisa, transista zilizozimwa huvujisha kidogo. Nikakadiria maikroampia 1 kwa kila pini na 1 ya mikrokontrola, jumla 3. Mikrokontrola yangu, ATmega328P, inahitaji angalau volti 3 ili isome juu:

```
R = (5 - 3) / 0.000003 ≈ 667 kΩ
```

Nafasi ni pana, lakini rezista kubwa huiacha waya ndefu ikiokota kelele za inveta. Nilifunga 4.7k, mkondo ni kama miliampia 1 tu, na tangu hapo sijapata kengele ya uongo.

Ukinunua moduli badala ya chipu tupu, ikague kwanza. Nyingi zina 10k yake pamoja na taa yenye rezista ya 1k kwenye pini hiyohiyo. Nilipounganisha moduli mbili, moja ikivuta zinawaka taa zote mbili, hujui ni ipi. Isitoshe, kila taa inaongeza karibu miliampia 3, na hapo ile ahadi ya miliampia 4 imeshapitwa. Nilitoa taa moja kwa koleo, nikaacha nyingine.