Hyundai Kona ya umeme: kwa nini nachomoa chaja ikifika asilimia 80

Natumia Kona yenye betri ya kilowati-saa 64 hapa Ujerumani, na safari zangu ndefu ni za barabara kuu ya A7, kutoka Hamburg kwenda kusini. Kwa gari la familia naipenda sana. Wenzangu wanaoanza na magari ya umeme hushtushwa na jambo moja: kwenye chaja ya kasi, betri ikivuka asilimia 80, umeme unaanza kuchuruzika.

Betri ikiwa na asilimia 30, kioo cha chaja huonyesha takriban ampea 200 kwa volti 360, yaani kilowati 72. Ikipita 80, volti zimepanda hadi karibu 395 lakini ampea zimeshuka hadi kama 60. Hizo ni kilowati 24 tu. Chaja ni nzima. Gari lenyewe ndilo linaloiamuru ipunguze.

Sababu iko ndani ya seli. Unapochaji, ioni za lithiamu husafiri hadi upande wa grafaiti na kujipenyeza katikati ya matabaka yake. Mwanzoni nafasi ni tele. Betri ikikaribia kujaa huwa kama daladala iliyobakiza viti vya nyuma, kila abiria anahitaji muda wa kupenya. Ukizisukuma kwa nguvu ileile, ioni zinazokosa nafasi hugeuka kuwa metali ya lithiamu juu ya grafaiti. Sehemu ya lithiamu hiyo hairudi tena kazini, basi betri inapoteza sehemu ya uwezo wake milele. Metali hiyo ikiota kama sindano, inaweza kutoboa kitenganishi, utando unaotenga pande mbili za seli, na kuleta shoti. Tena seli hizi hazitakiwi kuzidi volti 4.2 kila moja, kwa hiyo mwishoni kabisa gari hubana ampea zaidi ili kikomo hicho kisivukwe.

Sasa piga hesabu. Kwenye barabara kuu Kona hula kama kilowati-saa 20 kwa kilomita 100. Asilimia 20 ya betri ni kilowati-saa 12.8, sawa na kilomita 64. Kutoka 20 hadi 40, kwa kilowati 70, unazipata kwa dakika 11. Kutoka 80 hadi 100, hata kama kilowati 24 zingedumu mpaka mwisho, ni dakika 32, na hazidumu. Ndiyo maana naondoka kwenye 80 na kusimama tena mbele, betri ikiwa imeshuka vya kutosha. Kujaza hadi 100 nafanya nyumbani usiku, kabla ya safari.

Lakini kasi ikiwa ndogo tangu asilimia 30, usiilaumu grafaiti kujaa. Januari mara nyingi ni betri iliyopoa. Au mmechomeka magari mawili kwenye chaja moja inayogawa umeme: jirani akichomoa, kilowati zako zinapanda papo hapo.