Duka la dawa lililoanika wateja wake kwenye kundi

Duka hili la dawa lililo karibu na stendi ya Moshi nimelisifu kwa watu wengi, kwa sababu dawa za kisukari hazikosekani na bei haipandi kiholela. Leo siwezi kulisifu. Hivi karibuni walitaka kutujulisha kwamba dawa zimeingia, wakafungua kundi la WhatsApp wakaliita la wateja wa sukari na presha, wakatuingiza sote humo bila kumuuliza yeyote. Nilipotazama wanakundi nilikuta namba ya jirani yangu na ya mama ninayeimba naye kwaya, nao bila shaka waliiona yangu. Tangazo lenyewe halikuwa na ubaya wowote. Kilichotutoa siri ni jina la kundi lililokaa juu ya namba zetu.

Nilikwenda dukani. Kijana wa kaunta, macho yakiwa kwenye simu, alinijibu: "Mama, kundi nimeshalifunga, wasimamizi tu ndio wanaoandika. Kama hutaki, si utoke?" Kufunga kundi kunawazuia watu kuandika, lakini hakufichi namba hata moja. Ukitoka nako, waliobaki wanaweza kukuona kwa siku 60 katika orodha ya waliotoka. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti, naye ananiambia nitoke!

Walichopaswa kutumia ni orodha ya matangazo, ile inayofunguliwa kwa "New broadcast". Ujumbe mmoja huwafikia watu hadi 256, kila mmoja akiupokea kama ulioandikwa kwake peke yake, na akijibu, jibu humrudia mtumaji tu.

Mwenye duka, nikiri, alinisikiliza kwa heshima, akalivunja kundi na kutengeneza orodha. Hapo nilikaribia kufuta malalamiko yangu yote. Lakini orodha ina sharti lake: ujumbe haumfikii mteja ambaye hajahifadhi namba ya duka kwenye simu yake. Mzee mmoja wa mtaani kwetu hakupata tangazo lililofuata, akakaa bila dawa huku zimejaa rafuni. Jambo hilo lingegundulika mapema kama mtumaji angebonyeza ujumbe wake, akafungua "Message info" na kuona ni nani hajafikiwa, kisha akawatumia hao meseji ya kawaida au kuwapigia simu.

Badala yake, nilimsikia kijana yuleyule akimwambia mteja kwamba kundi lilikuwa bora, kwa kuwa lilimfikia kila mtu, na kwamba huenda watalirudisha. Kwa hiyo, pamoja na uungwana wa mwenye duka, nimemwomba afute namba yangu kabisa, na dawa zangu sasa nanunua kwingine, ingawa ni ghali zaidi.