Uzoefu wangu: huduma ya kukata tiketi za basi inayojua abiria anapandia wapi

Karibu kila safari yangu ya basi la masafa marefu huanzia kituo cha njiani, ambacho basi hukifikia likiwa limekwisha kupakia abiria stendi kuu na pengine katika kituo kingine kimoja. Kwa abiria wa namna yangu, huduma ya kukata tiketi hupimwa kwa jambo moja kabla ya mengine yote: kama inatambua kwamba kiti changu kina mwenyewe hata kinapokuwa kitupu kabla sijapanda.

Kampuni niliyosafiri nayo zamani haikulitambua hilo. Tiketi yake ilikuwa na namba ya kiti na saa ya kuondoka stendi kuu, na orodha aliyopewa kondakta haikuwa na mahali panapoonyesha kituo cha kupandia. Gari lilipotoka stendi, kondakta alihesabu viti vitupu, akavichukulia kuwa ni vya watu walioachwa, akaviuza kwa abiria waliokuwa wamesimama. Nilipopanda nilimkuta mtu kwenye kiti changu akiwa na tiketi halali mkononi, na baada ya mabishano marefu nikasafiri kwenye kiti cha kukunja karibu na mlango. Kondakta yule hakuwa mwizi. Aliitumia orodha kama alivyopewa.

Huduma ninayoitumia sasa humtaka abiria achague kwanza kituo cha kupandia na cha kushukia, na hapo ndipo ramani ya viti hufunguka. Utaratibu huo una maana kubwa, kwa sababu kiti hakihesabiwi kuwa kimeuzwa au hakijauzwa kwa safari nzima, bali huhesabiwa kipande kwa kipande, kutoka kituo hadi kituo. Tuseme njia ina vituo vitano, na kiti namba 16 kimeuzwa kutoka kituo cha kwanza hadi cha tatu. Anayepandia kituo cha pili atakiona kimefungwa, kwa kuwa kati ya cha pili na cha tatu kina mtu, ilhali anayepandia kituo cha tatu atakiona kiko wazi na ataweza kukilipia hadi mwisho wa safari.

Tiketi nayo huonyesha saa za kituo changu. Basi huondoka stendi kuu saa 12:00 asubuhi, lakini tiketi yangu husema niripoti saa 1:15 na kwamba basi litaondoka hapo saa 1:30. Zaidi ya hayo, kupita kwa saa 1:30 peke yake hakumfanyi mtu kuwa ameachwa. Abiria huhesabiwa kuwa ameachwa pale tu kondakta anapobonyeza “Funga kituo” basi likiwa linaondoka kweli, na kabla ya kubonyeza, simu yake humwonyesha majina na namba za viti vya wale ambao tiketi zao bado hazijaskaniwa, ili awapigie. Basi likichelewa njiani kwa dakika 25, aliyefika kituoni saa 1:40 bado ana kiti chake. Naliona hili kuwa haki ya msingi, kwa sababu si sawa kampuni ijihesabie saa ya kwenye karatasi inapomfungia abiria, kisha ijihesabie saa ya barabarani inapochelewa yenyewe.

Niliuona utaratibu huu ukifanya kazi vizuri katika safari niliyosafiri na dada yangu. Tulikuwa na viti namba 15 na 16 kutoka kituo cha tatu hadi mwisho. Asubuhi ile dada alikwama upande wa pili wa mji, akaona kwamba hataweza kufika kituo cha tatu kwa wakati, lakini kwamba angeweza kuliwahi basi katika kituo cha nne. Akafungua tiketi yake kwenye simu, akachagua “Badilisha kituo cha kupandia”, akaweka kituo cha nne. Mabadiliko hayo hukubaliwa mradi basi halijafunga kituo cha awali na mradi kituo kipya kimo ndani ya kipande kilicholipiwa, ila tofauti ya nauli hairudishwi. Basi lilipotufikia, simu ya kondakta ilikuwa bado ikimwonyesha dada kuwa ni abiria wa kituo cha tatu, kwa kuwa lilikuwa limetoka sehemu isiyo na mtandao. Nilimweleza, naye akasubiri orodha ijisasishe kabla ya kufunga kituo. Ilipojisasisha, kiti namba 16 kilionekana kiko wazi kutoka kituo cha tatu hadi cha nne, akamuuzia mwanafunzi aliyekuwa akienda hapo tu. Mwanafunzi aliposhuka, dada alipanda, akaketi mahali pake.

Asingebadilisha kituo, mambo yangekwenda vingine. Kondakta akishafunga kituo, tiketi isiyoskaniwa huandikwa “Hakufika”, na kiti huachiwa kwa sehemu yote ya safari iliyobaki, hivyo kulifukuzia basi hadi kituo cha mbele hakumrudishii abiria kiti. Tiketi yenyewe haifi: ndani ya saa 24 inaweza kuhamishiwa basi jingine la njia hiyohiyo lenye nafasi, kwa kulipa robo ya nauli. Masharti haya nayaona ya haki, lakini yameandikwa chini kabisa ya tiketi, na abiria wengi huyasoma wakiwa tayari wameachwa.

Suala la mtandao linastahili maelezo, kwa sababu ndilo chanzo cha kiti kimoja kuuzwa mara mbili hata pale mfumo ulipotengenezwa vizuri. Basi likiwa mahali pasipo mtandao, kondakta anaweza kumuuzia mtu kiti njiani huku wakala wa kituo cha mbele akikiuza kilekile. Huduma hii imelizuia hilo kwa kumwachia muuzaji mmoja tu: basi likishatoka kituo cha pili, wakala wa kituo cha tatu hawezi tena kuuza nafasi za basi hilo, na ni kondakta peke yake anayeweza. Gharama yake ni kwamba mtu hufika dirishani akaambiwa mauzo yamefungwa, kisha basi likaja na viti vitupu. Nimewasikia watu wakilalamikia jambo hili, lakini mimi ningechagua kumsubiri kondakta kuliko kugombania kiti na mtu aliyekilipia kama mimi.

Kasoro ambayo bado siikubali hutokea basi linapobadilishwa. Namba za viti hubaki zilezile hata kama mpangilio wa viti umebadilika. Katika basi lenye viti viwili kila upande, namba 15 na 16 viko pamoja katika safu ya nne. Katika basi lenye viti viwili upande mmoja na kimoja upande wa pili, safu ya tano huishia namba 15, ambacho ni kiti cha peke yake, na namba 16 huanza safu inayofuata. Mzazi aliyechagua viti hivyo ili akae na mtoto hujikuta ametenganishwa naye, ilhali tiketi zake ni sahihi kabisa. Nimewaandikia waendeshaji nikiwaomba kwamba basi likibadilishwa, mfumo uwapange upya kwanza waliokata tiketi pamoja, kisha umtumie ujumbe kila ambaye kiti chake cha dirishani kimegeuka kuwa cha ndani, mapema kabla basi halijaondoka stendi kuu, wakati bado anaweza kuchagua kingine.