Kuacha kazi au kushika vyote viwili: hesabu ya kuku 300 wa mayai

Tuseme una akiba ya shilingi 6,000,000, na nyumba yako inatumia 700,000 kwa mwezi. Ukigawanya haraka unaona akiba itakufikisha miezi minane na zaidi, na barua ya kuacha kazi inaanza kukuita.

Ila akiba hiyo ndiyo itakayonunua vifaranga na chakula. Kifaranga kimoja, mpaka aanze kutaga, tukadirie 12,000. Mara 300 ni 3,600,000. Ya nyumbani zinabaki 2,400,000, yaani miezi mitatu na siku chache. Kuku wa mayai huanza kutaga karibu wiki ya 18 hadi 20. Kwa hiyo utaishiwa kabla ya yai la kwanza, na hapo ndipo watu huanza kupunja chakula au kuuza mitetea michanga kwa hasara. Banda bado sijalihesabu.

Ukibaki kazini, mshahara unalisha nyumba na akiba inalisha kuku peke yao. Shida ni usimamizi: wiki za mwanzo vifaranga wanahitaji joto usiku kucha, na chanjo ya mdondo na gumboro haisubiri utoke ofisini. Sheria ya kazi Tanzania inatoa likizo ya mwaka ya siku 28. Mimi ningeipanga ianze siku vifaranga wanapofika.

Ningeacha kazi pale tu faida ya mayai, baada ya chakula na dawa, itakapofika 700,000 kila mwezi kwa miezi mitatu mfululizo.