Uzoefu wangu na saa ya GPS: kasi inavyorukaruka uwanjani, msituni na kati ya maghorofa

Saa ninayokimbia nayo ni ya bei ya wastani, ina GPS ya masafa mawili, na nimeiongezea kipima hatua kinachobanwa kwenye kamba za kiatu. Naitumia Nairobi, katika sehemu tatu zinazotesa saa za aina hii: uwanja wa tartani, Msitu wa Karura, na mitaa ya katikati ya jiji kama Kimathi na Kenyatta Avenue. Nimeridhika nayo. Hata hivyo, kuna namba moja ambayo siifuati nikiwa sehemu hizo, nayo ni kasi ya papo hapo.

Sababu ni hesabu tu. Anayekimbia kilomita kwa dakika 5 husogea kama mita 3.3 kila sekunde. Saa ikikosea mahali alipo kwa mita moja ndani ya sekunde hiyo, itaona amesogea mita 4.3 au 2.3, na kasi itasomeka 3:51 au 7:09. Kwa GPS ya mkononi, mita moja ni kosa dogo sana. Ndiyo maana saa haikuonyeshi hesabu ghafi. Hupima pia jinsi masafa ya mawimbi ya setilaiti yanavyobadilika unaposogea, kisha huchanganya vipimo vya sekunde kadhaa ili namba itulie. Kwa hiyo namba unayoisoma imechelewa kidogo, na imejengwa juu ya makisio kwamba utaendelea kuelekea kule kule ulikokuwa ukielekea.

Uwanjani makisio hayo hukwama. Anga iko wazi, setilaiti ni nyingi, na wengi hushangaa kwa nini kasi inacheza. Tatizo ni kona. Kwenye uwanja wa mita 400 wa vipimo vya kawaida, kona moja ina urefu wa mita 115 hivi, nawe ndani yake unageuka nyuzi 180. Kwa kasi ya 4:00 unaimaliza kwa sekunde 28 tu, ukiwa unageuka muda wote. Saa inayotarajia uende moja kwa moja huchora kona kwa ndani au huipitiliza, halafu hujirekebisha ukifika sehemu iliyonyooka. Uwanja ukiwa na jukwaa lenye paa, upande huo utapoteza pia baadhi ya setilaiti.

Kosa hilo linaweza kuharibu mazoezi kabisa. Tuseme umepangiwa mizunguko ya mita 400 kwa kasi ya 4:00. Kila mzunguko unatakiwa uchukue 1:36. Saa yako inahesabu mita 410 kwa kila mzunguko, jambo la kawaida. Ukikimbia kwa 1:36 sawasawa, itakuonyesha 3:54, nawe utadhani umezidisha. Ukipunguza mpaka isome 4:00, mzunguko utakuchukua sekunde 98.4, yaani kasi yako ya kweli ni 4:06. Mtu anaweza kufanya hivyo msimu mzima akaingia kwenye mbio bila kujua mwili wake umezoea kasi gani.

Saa yangu ina hali ya uwanjani, iitwayo `Track Run` kwenye menyu. Hii naipenda kwa dhati. Unachagua njia unayokimbilia, unazunguka kidogo ili itambue umbo la uwanja, na baada ya hapo inakupachika kwenye mstari wa mita 400. Chagua njia kwa uangalifu. Njia ya pili ni mita 407 kwa mzunguko, na ya nne ni 422, hivyo ukiiambia uko ya kwanza nawe unakimbilia ya pili, unapunjwa mita 7 kila mzunguko. Tena, hali hii inafaa viwanja vya mita 400 halisi. Viwanja vingi vya shule vimechorwa kwa chokaa juu ya nyasi na urefu wake ni wa kukadiria. Huko saa itakulazimishia mita 400 ambazo hazipo. Kwenye tartani mimi hutegemea zaidi alama zilizochorwa chini: sekunde 24 kila mita 100, sekunde 48 kila 200. Hakuna setilaiti inayoshinda hilo.

Karura ni habari nyingine. Majani yenye maji hudhoofisha mawimbi, na baada ya mvua huwa mabaya zaidi. Setilaiti zilizo chini karibu na upeo hupotea kwanza, zinabaki za juu ya kichwa, ambazo peke yake hazitoshi kukuweka mahali sahihi. Saa huamua kulainisha zaidi, na njia yenye kona nyingi huchorwa kama imenyooshwa. Umbali unapungua, kasi inaonekana ya polepole kuliko ulivyokimbia. Katikati ya jiji huwa kinyume. Pale wimbi hugonga ukuta wa kioo au zege kabla ya kufika mkononi. Wimbi husafiri sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo kuzunguka kwa kugonga jengo la upande wa pili huongeza mita kadhaa, na saa inadhani uko ng'ambo ya barabara. Mstari kwenye ramani unapigapiga zigizaga, umbali unaongezeka, kasi inasomeka ya ajabu. Ukiona umepasua kilomita kwa kasi usiyoijua ukiwa mjini, fungua ramani kwanza: kama mstari umepita ndani ya majengo, jibu umelipata.

Masafa mawili yanasaidia hapa, nami naona tofauti kwenye ramani. Mawimbi ya masafa ya pili, L5, yana alama fupi mara kumi kuliko ya masafa ya kwanza, L1, hivyo saa hutofautisha vizuri zaidi wimbi lililokuja moja kwa moja na lile lililogonga ukuta. Lakini lile la moja kwa moja likizibwa kabisa na jengo, likabaki la ukutani tu, hakuna cha kulinganisha nacho, na kosa linarudi. Betri nayo inaisha haraka zaidi.

Kipima hatua ndicho kilichonitatulia kasi ya papo hapo. Hakihitaji anga, kinapima mjongeo wa mguu wenyewe. Kisawazishe kwanza: kimbia mizunguko mitano njia ya kwanza, mita 2,000. Kikisoma 1,960, gawanya 2,000 kwa 1,960, weka 1.02 kwenye mipangilio. Kisha kiambie kiwe chanzo cha kasi muda wote, si pale GPS inapopotea tu. Ukibadilisha viatu, rudia, maana kila kiatu hubadili kidogo namna mguu unavyotua.

Asiye na kifaa hicho abadilishe ukurasa wa saa. Mimi nimeondoa kasi ya papo hapo nikaweka `Lap Pace`, wastani wa kilomita ninayoikimbia. Mita za mwanzo za kila kilomita bado hurukaruka, baadaye hutulia. Kwenye mbio za mjini nazima kilomita za kujihesabu zenyewe na kubonyeza kitufe kwa mkono kila ninapopita kibao cha kilomita, kwa sababu kibao kimepimwa na saa inakadiria.

Kwa anayenunua sasa: kama unakimbia zaidi msituni na uwanjani, saa ya masafa mamoja pamoja na kipima hatua itakufaa kuliko saa ghali ya masafa mawili peke yake. Kama njia zako ni za mjini na unataka ramani safi, hapo ongeza pesa.