Kadi ya zawadi ya dola 100 iliyoliwa dola 2.95 kila mwezi: uzoefu wangu

Mtoto wetu wa tatu alipozaliwa, Desemba 2018, akina mama wa kanisani kwetu hapa Lowell, Massachusetts, walichanga wakaninunulia kadi ya zawadi ya dola 100. Haikuwa kadi ya duka moja. Ilikuwa ile inayotolewa na benki, yenye tarakimu 16 kama kadi ya kawaida, ambayo inapokelewa karibu kila mahali. Risiti iliyokuwa ndani ya bahasha ilionyesha imenunuliwa tarehe 15 Desemba, na walilipa dola 5.95 zaidi ili iwashwe. Niseme mapema kwamba kadi yenyewe naipa nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ni kwa sababu mwishowe pesa zilirudi.

Tarehe 12 Januari 2019 nilinunua nepi na maziwa ya dola 22.40. Zikabaki dola 77.60. Nikairudisha kadi kwenye bahasha yake, pamoja na risiti na lile karatasi gumu lililoishikilia ilipokuwa inauzwa, nikaiweka kwenye droo nikijua nina akiba ndogo ya dharura. Kisha nikarudi kazini kwenye nyumba ya wazee, na 2020 ikatukuta na mambo yake. Nilikuwa nafanya zamu mbili kwa siku. Kadi sikuikumbuka tena.

Nimeipata tarehe 9 Machi 2024 nikitafuta cheti cha chanjo. Mbele imeandikwa VALID THRU 01/24, kwa hiyo muda wake ulikuwa umepita kwa zaidi ya mwezi mmoja. Nikaingia kwenye tovuti iliyoandikwa nyuma ya kadi, nikajaza namba, na salio likaja: 0.00.

Wengi wetu hapo huishia kusema "basi, imekwisha muda," na kuitupa kadi. Mimi nilifungua orodha ya miamala, na nawasihi wenzangu mfanye hivyo kabla ya kitu kingine chochote, kwa maana salio linaweza kupotea kwa njia tatu tofauti na kila moja ina dawa yake. Ukikuta jina la duka usilolijua katika mji usioujua, namba ya kadi imeibiwa, na hapo ipigie simu benki iliyoitoa kadi saa hiyo hiyo, maana kadi ya zawadi haina ule ulinzi wa kisheria dhidi ya wizi ulio nao kwenye kadi ya akaunti yako ya benki. Ukikuta salio lote limefutwa siku moja, siku ambayo kadi imeisha muda, hilo ni suala la tarehe. Mimi nilikuta kitu cha tatu: mstari uleule, dola 2.95, mwezi baada ya mwezi.

Ulianza Februari 2020. Makato 26 ya dola 2.95 ni dola 76.70. Zilibaki senti 90, na Aprili 2022 wakazichukua hizo nazo. Baba Neema akakumbuka kwamba Juni 2020 aliwahi kuangalia salio akakuta dola 62.85, akadhani mimi ndiye niliyenunua kitu. Kumbe ada tano zilikuwa zimeshapita. Na kule kuangalia kwake hakukusaidia kitu, kwa sababu kuuliza salio hakuhesabiwi kuwa ni kuitumia kadi. Kinachohesabiwa ni pesa kuingia au kutoka, mbali na ada zenyewe.

Nilipiga simu. Mhudumu alikuwa mpole, lakini majibu yake mawili yote yalinishtua. La kwanza, ada ziko kwenye masharti na nilizikubali nilipoitumia kadi. La pili, kadi imeisha muda, na nikitaka mpya kuna gharama ya dola 5.95. Nikamuuliza kadi mpya ya salio sifuri itanisaidia nini, akanyamaza.

Dada mmoja nesi ninayefanya naye kazi aliniambia nisilale, kwamba Massachusetts kadi ya zawadi inaishi miaka saba. Ni kweli, na ni vizuri kulijua: sheria ya jimbo letu inataka kadi au vocha ya zawadi idumu si chini ya miaka saba tangu itolewe, na isiyo na tarehe ya mwisho iliyoonyeshwa haifi kamwe. Ingekuwa kadi ya duka la viatu ningesimama hapo hapo. Kwa kadi ya benki njia hiyo ni dhaifu. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohudumia majimbo kadhaa ya New England, likiwemo letu, iliamua, katika kesi iliyotoka New Hampshire, kwamba sheria ya jimbo haikuweza kuzuia ada na tarehe za mwisho kwenye kadi zilizotolewa na benki ya kitaifa, yaani yenye kibali cha serikali ya shirikisho. Kwa hiyo nikaitafuta sheria ya shirikisho, ambayo inazishika kadi zote mbili, ya duka na ya benki.

Sheria hiyo ilitiwa saini tarehe 22 Mei 2009, na sehemu yake ya kadi za zawadi ikaanza kutumika tarehe 22 Agosti 2010. Maelezo yake yako kwenye Kanuni E, kanuni ya shirikisho ya malipo ya kielektroniki, kifungu 1005.20. Nilikisoma usiku kucha baada ya zamu, na nakieleza hapa kwa sehemu iliyonihusu tu.

Kwanza, kadi na pesa zilizomo ni vitu viwili. Plastiki inaweza kuwa na tarehe yake, lakini pesa haziruhusiwi kufa kabla ya miaka mitano tangu kadi itolewe au tangu iongezwe pesa mara ya mwisho, na wala haziwezi kufa kabla ya plastiki. Kwangu miaka mitano ilitimia tarehe 15 Desemba 2023, na plastiki iliisha Januari 2024. Kwa kipimo hicho peke yake benki ingeweza kunifungia mlango Machi 2024. Lakini nyuma ya kadi wenyewe walichapa kwamba pesa haziishi muda, na kwamba kadi ikiisha nipige simu nipewe nyingine. Hilo lilikuwa ni neno lao, si langu. Na maadamu pesa bado hazijaisha muda, kifungu kinakataza kabisa kumtoza mtu gharama ya kubadilishiwa kadi, isipokuwa kama imepotea au imeibiwa. Kwa hiyo zile dola 5.95 hazikuwa halali.

Pili, ada. Hapa lazima niseme ukweli hata kama unauma: ada ya kutotumia kadi inaruhusiwa. Masharti ni kwamba kadi iwe imekaa mwaka mzima bila kutumika, na isikatwe zaidi ya mara moja kwa mwezi. Mimi niliitumia Januari 2019 na wao wakaanza Februari 2020, mara moja kila mwezi. Hapo walikuwa sawa, na nilipofika hapo karibu nikate tamaa.

Kilichoniokoa ni sharti la tatu. Kiasi cha ada, inakatwa kila baada ya muda gani, na kwamba inakatwa kwa sababu ya kutotumia, vyote lazima viandikwe waziwazi juu ya kadi yenyewe. Kifungu kinasema bila kuzunguka kwamba kuandika kwenye karatasi ya masharti, kwenye vifungashio au kwenye stika iliyobandikwa juu ya kadi hakuhesabiwi kuwa ni kuandika kwenye kadi. Sababu yake naielewa vizuri, kwa kuwa anayenunua kadi si yule anayeitumia. Mimi nilipewa kadi ndani ya bahasha ya pongezi. Akina mama wangelitupa lile karatasi gumu, ningejulia wapi?

Nikawasha taa ya jikoni, nikaigeuza kadi. Nyuma kuna jina la benki, namba ya simu ya bure, tovuti, na yale maneno kuhusu pesa kutoisha muda. Ada haikutajwa hata kwa herufi moja. Nikachukua lile karatasi gumu, nikalikuta neno la ada kwenye aya ya tatu, kwa maandishi madogo kama mbegu za mchicha. Nilishukuru sana kwamba sikulitupa, maana ndilo lililoonyesha ada iliandikwa wapi.

Sikupiga simu tena. Niliandika malalamiko kwa CFPB, ofisi ya serikali ya shirikisho inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, kwenye consumerfinance.gov/complaint. Ni bure. Niliambatanisha picha ya mbele na nyuma ya kadi, nikiwa nimefunika tarakimu zote isipokuwa nne za mwisho, picha ya karatasi gumu, risiti, na orodha ya makato. Malalamiko niliyaelekeza kwa benki ambayo jina lake liko nyuma ya kadi, si kwa duka lililoiuza. Duka lilikuwa rafu tu. Maelezo yangu yalikuwa mafupi: kadi ilitolewa 15 Desemba 2018, ilitumika mara ya mwisho 12 Januari 2019, imekatwa dola 77.60 kwa ada isiyotajwa juu ya kadi, na nimedaiwa dola 5.95 kuibadilisha ilhali pesa haziishi muda. Naomba nirudishiwe dola 77.60 bila gharama.

Kwa kawaida kampuni hutakiwa kujibu ndani ya siku 15, na kwenye mambo magumu hadi siku 60. Mimi nilijibiwa siku ya 11. Barua haikukiri kosa. Ilisema tu kwamba "kwa kumjali mteja" wanarudisha ada zote na kutuma kadi mpya. Kadi ilifika baada ya wiki moja, dola 77.60 kamili.

Ndani ya ile bahasha ya kwenye droo kulikuwa na kadi nyingine niliyoisahau, ya dola 10 ya mgahawa mmoja. Hiyo hatukuinunua. Tulipewa kama nyongeza tuliponunua kadi ya dola 50. Upande wa mbele imeandikwa kuwa ni ya promosheni na inaisha tarehe 28 Februari 2019. Kadi za aina hiyo ziko nje ya kinga ya miaka mitano, mradi zionyeshe hivyo kwa mbele pamoja na tarehe, na hii ilionyesha. Sikuwa na la kudai, nikaikata kwa mkasi.

Kadi mpya sikuiweka kwenye droo. Jumamosi iliyofuata nilikwenda na yule mtoto wa nepi, wakati huo akiwa na miaka mitano, tukanunua viatu vya shule na begi. Nilimwambia mwenye kaunta akate kadi kwanza mpaka iishe, kisha zilizobaki nikalipa taslimu.